Mirungi, hamu ya kula, choo na tumbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa kwenye dirisha la duka la dawa hapa Tanga, hasa nyakati za asubuhi, na watu wanaokula mirungi siku nyingi za wiki: madereva wa malori na bodaboda, walinzi wa usiku, wavuvi, na vijana wa baraza za Ngamiani. Mara nyingi mtu haanzi kwa kutaja mirungi. Anaomba dawa ya kiungulia au ya choo, na mirungi inakuja baadaye kwenye mazungumzo. Ukurasa huu unahusu njia ya chakula tu, kuanzia mdomoni hadi haja kubwa. Habari za moyo, meno na akili zina uzito wake, lakini si za hapa.

Kabla ya yote ieleweke kwamba mirungi ni dawa ya kulevya iliyokatazwa Tanzania kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ingawa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, nchini Kenya, ni zao halali. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anaila na ana shida ya tumbo, pamoja na wanaomuuguza nyumbani.

## Mambo ya msingi

1. Ndani ya mirungi kuna nini kinachogusa tumbo?

Kuna vitu viwili vya kuvitofautisha, kwa sababu kila kimoja kina kazi yake na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni vichangamshi. Kikubwa kati yake ni kathinoni, ambayo inafanana kwa umbo na kwa kazi na amfetamini, na cha pili ni kathini, ambayo ni dhaifu zaidi lakini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kathinoni imejaa kwenye majani machanga na maganda ya vijiti laini, na huanza kuharibika mara tu tawi linapokatwa. Ndiyo maana mirungi hufungwa kwenye majani ya mgomba ili isinyauke, na ndiyo maana bunda la siku tatu halina nguvu. Vichangamshi hivi huuamsha mfumo wa fahamu unaouandaa mwili kwa mbio au mapambano, na mwili ulio katika hali hiyo husimamisha shughuli za kusaga na kusukuma chakula.

Kitu cha pili ni tanini. Ndiyo inayoleta ule ukakasi ulimini unapotafuna, na ipo pia kwenye chai ya rangi iliyochemka sana, ila kwenye mirungi ni nyingi. Tanini hushikamana na protini na kuzigandisha, na haichagui kati ya protini za mate, za chakula, na za ute unaofunika ukuta wa tumbo. Nayo haipotei kwa kunyauka, hivyo mirungi iliyolala inaweza kukosa stimu ikabaki na ukakasi wake wote.

2. Je, nikitema makapi na kumeza maji yake tu, tumbo litasalimika?

Kwa sehemu ndogo. Sehemu kubwa ya vichangamshi hupita kwenye ngozi laini ya mdomo na kuingia kwenye damu kabla hata hujameza, kwa hiyo kukosa njaa na kufunga choo hakutegemei makapi yameishia wapi. Tanini nayo imo ndani ya yale maji unayoyameza. Unachokiepuka kwa kutema ni nyuzi ngumu za maganda, ambazo kwa mtu mwenye choo kigumu tayari ni mzigo usio na faida.

Wako wanaosema kwamba wao humeza makapi kwa makusudi kwa vile ni mboga. Si mboga. Nyuzi za mchicha au za papai huvuta maji na kulainisha choo, ilhali nyuzi za ganda la mirungi zimefungwa na tanini, na zinaingia kwenye utumbo ambao wakati huo umepunguza mwendo.

3. Na bigijii, soda na kahawa vinavyoliwa pamoja nayo?

Bigijii huongeza mate na kukufanya umeze hewa nyingi, na hapo ndipo inapotoka sehemu ya gesi ambayo watu wanaisingizia mirungi yenyewe. Soda za kola na kahawa huongeza kichangamshi kingine juu ya kile kilichopo na kuongeza tindikali tumboni. Sigara ni mbaya kuliko vyote hivyo, kwa sababu hulegeza ule msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo na huchelewesha vidonda kupona. Ikiwa mtu hawezi kuacha kila kitu kwa mara moja na anauliza aanze na kipi kwa ajili ya tumbo lake, jibu langu ni sigara.

## Hamu ya kula

4. Kwa nini njaa inakatika kabisa?

Kuna sababu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza iko kichwani: kathinoni hutoa kwa wingi kemikali za msisimko, yaani dopamini na noradrenalini, kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, na sehemu hiyo hunyamaza. Nguvu yake si ya kubahatisha, kwani kathini, ambayo ndiyo dhaifu, imewahi kuuzwa katika baadhi ya nchi kama dawa ya kupunguza unene.

Sababu ya pili iko tumboni kwenyewe. Watafiti waliwapa watu wazima wenye afya mirungi, kisha wakafuatilia chakula kinavyotoka tumboni kwenda kwenye utumbo mwembamba, wakakuta kinachelewa kutoka. Tumbo lisilomwagika hupeleka habari kwamba bado limejaa. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba utafiti mwingine ulipopima homoni za njaa na shibe ndani ya damu ya watu waliokuwa wakitafuna, homoni hizo hazikubadilika, ingawa watu wenyewe walisema njaa imewatoka. Mwili ulikuwa unahitaji chakula na homoni zake zilikuwa mahali pake, ila mwenye mwili hakuhisi njaa. Kwa sababu hiyo si busara kungoja njaa ikuambie ule.

5. Hamu inarudi baada ya muda gani?

Kwa anayekula mara moja moja, hurudi siku ya pili. Kwa mlaji wa kila siku hesabu ni nyingine, na ni vizuri kuifuata saa kwa saa, kwa sababu ndani yake ndimo zinamotoka pia shida za choo zinazoelezwa kwenye swali la 8.

Tuchukue dereva wa lori aliyeshusha mzigo na kupumzika. Mchana saa saba amekula ubwabwa na maharage. Saa kumi jioni anafungua bunda lake. Kufikia saa kumi na mbili kathinoni iko karibu na kilele chake, na ule ubwabwa ambao kwa kawaida ungekuwa umekwishatoka tumboni bado sehemu yake imo. Harufu ya samaki wa kukaanga haimgusi. Anaendelea hadi saa nne usiku. Akiacha hapo, kathinoni inapungua katika saa chache zinazofuata, lakini kathini inabaki, na usingizi hauji mpaka saa nane au saa tisa usiku. Hajala tangu saa saba mchana. Anaamka saa tatu asubuhi kichwa kizito, mdomo mkavu, anakunywa chai ya rangi tupu kwa sababu chakula kinamtia kinyaa. Njaa ya kweli inamjia saa sita au saa saba, anakula sahani moja kubwa ya haraka, na saa kumi anaanza tena.

Kwa mwenendo huo mtu huyu anaishi kwa mlo mmoja kwa siku, na mlo huo unaingia kwenye tumbo ambalo limekaa na tindikali tupu kwa saa nyingi. Hamu yake haijafa. Imesogezwa tu hadi kwenye dirisha dogo la saa tatu au nne.

6. Basi nile saa ngapi?

Mlo wa maana uliwe saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kutafuna, uwe wa wastani, usiwe wa mafuta mengi. Mlo mzito wa mafuta ukikutwa na mirungi dakika ishirini baadaye hukwama tumboni, na hapo ndipo yanapoanza yale malalamiko ya kubeua chakula cha mchana saa tatu usiku.

Mlo wa pili unaofaa kusisitizwa ni wa asubuhi, na ule hata kama hamu haipo. Si lazima uwe mkubwa: uji wa dona, ndizi mbili mbivu, au mbaazi za nazi na kipande cha mkate vinatosha. Usiku, baada ya kuacha kutafuna, ni heri kitu chepesi kama uji au supu kuliko kulala na njaa, na ni heri kitu chepesi kuliko sahani ya chipsi mayai saa saba za usiku.

7. Mbona wengine wanaokula mirungi hawakondi?

Kwa sababu soda mbili tatu za usiku, sukari ya kwenye chai na sahani moja kubwa ya mchana zinaweza kutosha kuulinda uzito, huku mwili ukikosa mboga, matunda na samaki. Mizani haionyeshi upungufu wa damu. Tanini huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani yasifyonzwe vizuri, na mtu anayekula mlo mmoja hana mengi ya kupoteza. Anayekonda bila kutaka, tena akiwa bado anakula kama kawaida yake, asiseme ni mirungi tu. Akapimwe, kwani kifua kikuu na kisukari vinakondesha pia.

## Choo

8. Mirungi inafungaje choo?

Turudi kwa yule dereva wa swali la 5. Utumbo wake umepunguzwa mwendo na vichangamshi, na kazi hiyo si ya tumbo peke yake: uchunguzi umeonyesha kwamba hata safari nzima ya chakula kupitia njia ya chakula inarefuka baada ya kutafuna. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Mabaki yakikaa humo saa thelathini badala ya ishirini, utumbo hauachi kunyonya, nayo yanatoka makavu.

Kisha kuna jambo la saa ambalo watu hawalifikirii. Utumbo mpana huwa na msukumo mkubwa asubuhi, mtu anapoamka na hasa anapotia chakula cha kwanza tumboni. Dereva wetu ameamka saa tatu, hakula, akanywa chai kavu akaondoka. Ule msukumo ama haukuja ama ulimkuta barabarani, akaubana. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu anakaa chooni nusu saa, anakamua, anatoa vipande kama vya mavi ya mbuzi, na anakwenda kutafuta dawa.

Kwa hiyo visababishi vimepandana: vichangamshi, tanini, chakula kichache, maji machache na asubuhi iliyopotea. Kumpa dawa ya kufungua choo bila kugusa hivyo vingine ni kumletea nafuu ya siku mbili.

9. Nitajuaje kwamba nimefunga choo na si kawaida yangu?

Kwenda haja kubwa kila siku si sharti la afya. Hesabu kuwa umefunga choo ikiwa unakwenda chini ya mara tatu kwa wiki, au ikiwa unakwenda lakini choo ni kigumu, unakamua, na unatoka ukihisi kwamba hujamaliza. Walaji wengi wa mirungi wako katika kundi hili la pili, na husema choo ni kizuri kwa sababu tu wanakwenda.

10. Nifanye nini kabla ya kukimbilia dawa?

Maji kwanza, na si kwa kubugia chupa nzima unapokwenda kulala, bali kikombe kwa kikombe wakati wa kutafuna na asubuhi, angalau lita mbili kwa siku kwa joto la pwani, zaidi kwa anayefanya kazi juani. Soda na kahawa zisihesabiwe mahali pa maji.

Pili ni matunda na mboga, ambazo kwa mkazi wa Tanga si kitu cha kutafutwa mbali. Papai lililoiva, machungwa ya Muheza yaliwe pamoja na nyama zake badala ya kufyonzwa maji tu, juisi ya ukwaju, mchicha, kisamvu, maharage. Ongeza taratibu ndani ya wiki moja, la sivyo gesi itakukatisha tamaa. Na usiongeze nyuzi bila kuongeza maji, kwa sababu nyuzi kavu ndani ya utumbo mkavu huzidisha tatizo.

Tatu, rudisha asubuhi yako. Kula kitu, kisha baada ya robo saa nenda chooni ukae dakika kumi bila simu na bila kukamua, hata kama huhisi haja. Choo cha kuchuchumaa kina faida hapa, kwani mkao wake hunyoosha njia. Kwenye choo cha kukaa weka kigoda chini ya miguu upate mkao unaokaribia huo. Watu hulidharau hili la tatu, nami nimeona kwa wateja kwamba ndilo lenye kuleta tofauti kuliko mengine.

11. Sanamaki je? Na mafuta ya nyonyo?

Sanamaki inafanya kazi, na ndivyo ilivyo pia kwa vidonge vya bisakodili. Zote huuchochea utumbo mpana ubane na kusukuma. Kwa kufungua choo kilichokwama siku tatu nne hazina ubaya: kunywa usiku, choo kinatoka asubuhi. Shida ni kwa yule anayekula mirungi kila jioni na kunywa sanamaki kila usiku, huku akiuzuia utumbo na kuuchapa kwa wakati mmoja. Atapata msokoto wa tumbo, atapoteza maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji, na baada ya miezi kadhaa ataona hapati choo bila kuongeza kipimo.

Kwa matumizi ya siku nyingi, dawa inayofaa zaidi ni ile inayovuta maji na kulainisha choo bila kuuchapa utumbo, kama vile laktulozi, ambayo ni maji mazito matamu. Haifanyi kazi usiku huohuo, bali huchukua siku moja hadi tatu, na wengi huiacha siku ya kwanza wakidhani ni bandia.

Mafuta ya nyonyo yana nguvu na hayana kadiri inayotabirika. Mimi siyashauri, na kwa mama mjamzito yasitumiwe kabisa.

12. Ninaona damu kwenye choo. Ni bawasiri?

Ikiwa ni damu nyekundu, mbichi, inayodondoka mwishoni au kubaki juu ya choo na kwenye karatasi, na choo ni kigumu, basi huenda ni bawasiri au mpasuko mdogo wa njia ya haja. Uchunguzi wa Yemen uliwakuta walaji wa mirungi na bawasiri mara nyingi zaidi kuliko wasiokula. Kukamua na kukaa saa nyingi mahali pamoja vinatosha kueleza kwa nini. Maumivu makali kama ya kukatwa na wembe wakati choo kinapita huashiria mpasuko, ilhali bawasiri ya ndani mara nyingi hutoa damu bila maumivu.

Tiba huanza na kulainisha choo, kama ilivyo kwenye swali la 10 na la 11, na kukalia beseni la maji ya vuguvugu dakika kumi hadi kumi na tano. Damu inayoendelea zaidi ya wiki mbili, damu iliyochanganyika ndani ya choo, au damu yoyote kwa mtu aliyevuka miaka 40, ichunguzwe hospitali kwa kidole na kwa kifaa. Damu nyeusi ni jambo jingine kabisa, tazama swali la 16.

## Ukuta wa tumbo

13. Mirungi inaleta vidonda vya tumbo?

Jibu la haki ni kwamba inaandaa mahali, na mara nyingi kuna mwenzake anayemalizia. Visababishi vikuu vya vidonda vya tumbo duniani kote ni viwili: bakteria anayeitwa helikobakta pailori, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Lakini uchunguzi uliofanywa Yemen ulikuta vidonda vya mwanzo wa utumbo mwembamba vikiandamana na ulaji wa mirungi, na namna ya kutokea kwake inaeleweka.

Ukuta wa tumbo unalindwa na tabaka la ute, na chini ya ute kuna seli zinazojirekebisha haraka kwa msaada wa damu nyingi. Tanini inaugandisha ule ute. Vichangamshi hubana mishipa ya damu ya eneo hilo, hivyo marekebisho yanachelewa. Tumbo lisilomwagika kwa wakati hukaa na tindikali muda mrefu, na mlo mmoja kwa siku maana yake tindikali hiyo haina cha kusaga. Juu ya hayo weka diklofenaki aliyoimeza dereva wetu kwa ajili ya mgongo na kichwa cha asubuhi, akiwa hajala. Nikimkuta mlaji wa mirungi mwenye maumivu ya chembe ya moyo, hilo ndilo swali langu la kwanza: unameza nini kwa ajili ya kichwa? Kwa kichwa ni afadhali parasetamoli katika kipimo chake cha kawaida kuliko diklofenaki, kwani haiuchubui ukuta wa tumbo kwa namna hiyo.

14. Nitatofautishaje kiungulia, gesi na kidonda?

Kiungulia ni moto unaopanda kutoka chembe ya moyo kwenda kifuani na kooni, huzidi ukilala au ukiinama, na kwa mlaji wa mirungi huja usiku ule ule, kwa sababu tumbo bado limejaa. Gesi ni kujaa na kuvimba kunakopungua ukibeua au ukitoa upepo. Kidonda huuma mahali pamoja, juu ya kitovu, kama kutafunwa, na kile cha utumbo mwembamba hupenda kumwamsha mtu usiku wa manane na kutulia anapotia kitu tumboni.

Dalili hizo huingiliana, na kwa maneno peke yake mtu hawezi kuwa na hakika. Kipimo cha choo cha kutafuta helikobakta ni rahisi na kina maana. Ila kama umekuwa ukimeza omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali, iache wiki mbili kabla ya kipimo, na kama umemaliza antibiotiki, ngoja wiki nne, vinginevyo jibu linaweza kuwa hakuna wakati bakteria yupo. Maumivu yakiwa makali mno kuiacha omeprazo, zungumza na daktari kwanza. Akiona haja ya kukutazama ndani kwa mpira wenye kamera, atakupa rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo.

15. Maziwa, na dawa nyeupe ya maji, vinatibu?

Maziwa hutuliza kwa dakika chache, kisha tumbo hutoa tindikali zaidi ya kuyasaga. Dawa za kupunguza tindikali za maji au za kutafuna hutuliza kwa saa moja mbili na haziponyi kidonda. Na hapa kuna mtego kwa mwenye choo kigumu: zile zenye alumini peke yake hufunga choo zaidi, na zenye magnesiamu hukilainisha. Soma kibandiko kabla ya kununua. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kikohozi zenye kodeini nazo hufunga choo.

16. Lini nisingoje kesho?

Choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali isiyo ya kawaida, ni damu iliyosagwa kutoka tumboni. Kutapika damu, au matapishi kama machicha ya kahawa, ni hivyo hivyo. Maumivu ya ghafla yenye tumbo gumu kama ubao huenda ni kidonda kilichotoboka. Tumbo lililovimba, kutapika, na kutotoa choo wala upepo ni utumbo ulioziba, na hapo sanamaki ni hatari. Yote haya ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, na mwambie daktari saa uliyokula mirungi mara ya mwisho, kwa sababu mapigo ya moyo na shinikizo la damu atakavyovikuta vinaweza kumpotosha. Anakuuliza ili akutibu, na ni wajibu wa kazi yake kukutunzia siri.

Tahadhari moja: vidonge vya kuongeza damu vinageuza choo kuwa cheusi bila damu kuvuja. Choo cha namna hiyo kwa kawaida si cha kunata, wala hakina ile harufu. Ukiwa na shaka, kapime.

## Hali maalumu

17. Wakati wa Ramadhani?

Wengi hutafuna baada ya futari hadi daku. Matokeo yake daku halishuki, maji hayanyweki vya kutosha, na mchana kutwa mfungaji ana tumbo tupu lenye ukakasi na mdomo mkavu. Choo hufunga mwezi huu kuliko miezi mingine. Ikiwa huachi, basi maliza mapema usiku, ukae saa mbili tatu za kunywa maji na upate daku la kweli. Kwa mwenye vidonda ambavyo tayari viko kwenye matibabu, mirungi ya usiku juu ya funga ya mchana ni mchanganyiko nisiomshauri mtu.

18. Ninatumia antibiotiki. Kuna shida?

Ipo kwa baadhi. Mirungi imeonyeshwa kupunguza ufyonzwaji wa ampisilini, na kwa kiasi kidogo zaidi amoksilini, dawa inapomezwa wakati wa kutafuna. Amoksilini ni mojawapo ya dawa za kuua helikobakta, kwa hiyo mtu anaweza kumaliza siku zote za tiba, dawa zikiwa nzuri, na kidonda kikabaki. Meza dawa kabla hujaanza, au angalau saa mbili baada ya kuacha. Bora zaidi ni kuiweka mirungi kando kwa siku zote za tiba.

19. Mjamzito na anayenyonyesha?

Aiache. Mama anayekosa hamu ya kula anamnyima mtoto pia, na watoto wa akina mama wanaokula mirungi wameonekana kuzaliwa na uzito mdogo. Kichangamshi hupita hadi kwenye maziwa ya mama. Kufunga choo na bawasiri ni shida za ujauzito hata bila mirungi.

20. Nikiacha kabisa, tumbo litachukua muda gani kutulia?

Hamu ya kula huwa ya kwanza kurudi, ndani ya siku chache, na wengine hushtuka kwa namna wanavyokula. Siku hizo hizo kuna uchovu, usingizi mwingi, ndoto mbaya na hasira za haraka, ambazo hupita zenyewe. Choo ni kizito kidogo kurudi: kwa aliyekuwa akitegemea sanamaki kinaweza kuchukua wiki kadhaa, na katika muda huo laktulozi na mpango wa asubuhi wa swali la 10 vinasaidia. Kidonda kilichothibitishwa huhitaji kumaliza dawa zake, na kuacha mirungi peke yake hakukiponyi ikiwa bakteria yupo.

21. Nina kisukari na ninameza vidonge au kujichoma insulini. Mirungi inanikata njaa tu, kuna hatari gani?

Hii ndiyo hali ninayoiogopa kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu inaanzia kwenye hamu ya kula na inaweza kuishia kwenye kupoteza fahamu. Glibenklamidi na insulini hushusha sukari hata kama hukula. Mtu amemeza kidonge, mirungi imemnyang'anya njaa, mlo wa jioni umepita, na sukari inashuka. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, moyo kwenda mbio, jasho na wasiwasi. Stimu ya mirungi inaweza kuleta dalili hizo hizo, kwa hiyo yeye na wenzake wa baraza wanadhani bunda lilikuwa kali.

Asiyeweza kuacha asikose mlo unaoambatana na dawa yake, ale kwa saa na si kwa njaa, na wenzake wajue hali yake. Akianza kutetemeka au kuongea ovyo, apimwe sukari, na kipimo kikikosekana apewe soda yenye sukari au glukosi mara moja iwapo anaweza kumeza, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.